Namna ya kupanga bei yako kama frilansa: mfano wa dizaina wa Kisumu

Haya basi, shika kalamu ama fungua kalkuleta ya simu, tufanye hii hesabu pamoja. Tuchukue dizaina ako Kisumu, anataka abaki na 40,000 mkononi kila mwezi. Wengi hugawa hiyo 40,000 kwa masaa 160 ya mwezi, wanapata 250 kwa saa, wanaanza kuchaji hivyo. Hiyo bei itakumaliza.

Kwanza andika gharama za kazi. Intaneti 3,000, tokeni za stima 1,500, nauli na kredo 1,800, halafu laptopu. Laptopu ya 60,000 ikikaa miaka mitatu inakula karibu 1,700 kila mwezi, na hii ndio watu husahau mpaka siku inakufa. Jumla ni 8,000.

Pili ni kodi. Ndio abaki na 40,000, faida yake baada ya gharama inafaa iwe kama 48,000, juu KRA itachukua karibu 6,500 ukishatoa rilifu ya 2,400, na SHA ni asilimia 2.75, yaani 1,320. Kwa hivyo weka 8,000 kando kila mwezi, kwa akaunti ingine usiyoigusa, maana ritani za iTax mwisho ni 30 Juni na hapo hakuna bosi wa kukukatia mapema.

Sasa 40,000 na 8,000 na 8,000 ni 56,000 kwa mwezi, mara 12 ni 672,000 kwa mwaka.

Tatu, na hapa ndio penye kazi, hesabu masaa ambayo mtu atakulipia kweli. Kutafuta wateja, kujibu WhatsApp, kuandika kotesheni, kufuatilia pesa, hayo yote hulipwi. Ukianza, weka masaa 20 kwa wiki, na wiki 44 pekee kwa mwaka, zingine ni kuugua, sikukuu, matanga na miezi kavu kama Januari wakati watu wanalipa skulifizi. Hiyo ni masaa 880. Gawa 672,000 kwa 880, unapata kama 764, sema 800. Ona vile iko mbali na 250!

Kazi ya bei moja, tuseme logo na bango la duka pale Kondele, kadiria masaa 14, ongeza robo juu marekebisho hayakosi, inafika kama 18, mara 800 ni 14,400. Kwa kotesheni andika marekebisho ni mawili, ya tatu inalipiwa kwa saa, na nusu ya pesa inatumwa kabla hujafungua laptopu.

Ukifanyia kampuni, kwa malipo ya 24,000 na zaidi kwa mwezi huwa wanakata asilimia 5 wanapeleka KRA. Invoisi ya 30,000 unapokea 28,500. Usiongeze hiyo kwa bei, ni kodi yako imelipwa mapema, itisha tu setifiketi ya hiyo 1,500 ndio uitoe kwa ritani.