Ratiba hii inapangika foleni au haipangiki? Swali la pepa tunalitatua ubaoni

Haya jamani tuanze, wa nyuma mnaona ubao? Feni ile izimeni tu kwanza maana sisikiki. Leo sifundishi topiki nzima ya miamala, leo ni swali moja tu la pepa, lile la grafu ya utangulizi, na nimelichagua makusudi kwa sababu watu wanaliona rahisi afu wanashika sapu nalo. Swali lenyewe hili hapa. Tuna salio za mawakala watatu kwenye databesi, A ni wa Kariakoo, B wa Mbagala, C wa Tegeta. Miamala mitatu imechanganyikana na databesi ikarekodi hivi:

```
S: r1(A); r3(C); w1(A); r2(A); w3(C);
   r1(C); r2(B); w2(B); w1(C); r3(B)
```

`r1(A)` maana yake muamala T1 umesoma A, `w3(C)` ni T3 umeandika C, na mpangilio ni kushoto kwenda kulia. Kipengele cha kwanza: chora grafu ya utangulizi, useme ratiba hii inapangika foleni kwa kigezo cha migongano au haipangiki. Cha pili: sogeza operesheni moja tu ili ipangike, na utaje foleni yenyewe. Cha tatu nitakiandika baadaye, msikione sa hivi mkachanganyikiwa.

Ratiba ya foleni ni ile ambayo muamala unaisha wote ndo mwingine unaanza, kama bafu la nyumba ya kupanga, mtu anatoka ndo mwenzie anaingia. Hiyo haina shida ila ni ya polepole. Kwa hiyo databesi inachanganya operesheni, na swali letu ni hili: mchanganyiko huu unatoa matokeo yaleyale ambayo foleni fulani ingetoa? Foleni yoyote ile, siyo lazima T1, T2, T3, hapo watu wengi wanapotea.

Na operesheni mbili zinagongana lini? Lazima ziwe za miamala miwili tofauti, ziguse kitu kilekile, na angalau moja iwe ya kuandika. Ukikosa sharti moja hamna mgongano. Kusoma na kusoma hazigongani hata siku moja, unaweza kuzigeuza hakuna atakayejua. Lakini anayesoma akitangulia anayeandika, hapo pana mgongano, na huu ndo unaosahaulika kuliko yote, maana mtu anajiambia aah huyu amesoma tu, hajaharibu kitu. Hajaharibu ndiyo, ila ukimhamishia baada ya mwandishi ataona namba nyingine, kwa hiyo nafasi yake ina maana.

Sasa kuchora grafu, kila muamala ni nodi, na kila mgongano ni mshale kutoka kwa aliyetangulia. Msianze kwa kulinganisha miamala, T1 na T2, kisha T1 na T3, mtazunguka pale mpaka muda uishe. Anza na kitu. Chukua A peke yake, ikwangue kutoka kwenye ratiba, afu B, afu C. Kwenye kijitabu chako andika hivi:

```
A: r1  w1  r2
B: r2  w2  r3
C: r3  w3  r1  w1
```

Mnaona ilivyokuwa nyepesi? Ratiba ya operesheni kumi imekuwa mistari mitatu. Mstari wa A: `r1` na `w1` ni za mtu mmoja, ruka. `r1` na `r2` zote kusoma, ruka. `w1` na `r2`, T1 ameandika kisha T2 akasoma, huo ni mgongano, na T1 ndiye aliyetangulia, kwa hiyo mshale unatoka T1 kwenda T2. Mstari wa B hivyohivyo, `w2` kabla ya `r3`, mshale T2 kwenda T3. Mstari wa C una migongano mitatu, `r3` na `w1`, `w3` na `r1`, `w3` na `w1`, ila yote inaelekea upande mmoja, T3 kwenda T1, kwa hiyo chora mshale mmoja inatosha, andika C pembeni yake ili msahihishaji ajue umeutoa wapi.

```
T1 -> T2   (A)
T2 -> T3   (B)
T3 -> T1   (C)
```

Ndiyo kaka, uliza. Anauliza je lazima operesheni ziwe zimekaa jirani? Hapana, na swali zuri. `w3(C)` na `w1(C)` zina operesheni tatu katikati na bado zinagongana. Ujirani hauhusiki, linalohusika ni nani alitangulia tu.

Sasa hapa pepa imetega. Kuna watu wamezoea kutafuta mishale miwili inayorudiana, T1 kwenda T2 na T2 kwenda T1, wasipoiona wanaandika inapangika, wanapiga mstari, wanaenda swali la pili. Hapa hakuna jozi hata moja inayorudiana! Lakini weka kidole kwenye T1, fuata mshale unafika T2, fuata unafika T3, fuata umerudi T1. Huo ni mzunguko wa nodi tatu, na mzunguko wa urefu wowote unatosha kuiua ratiba. Jibu: haipangiki kwa kigezo cha migongano.

Lakini ukiandika tu "kuna mzunguko" unapata maksi za mwenye kukariri, mimi nikisahihisha natafuta sababu. Soma mishale kwa sauti: T2 ameona salio la A ambalo T1 aliandika, kwa hiyo kwenye foleni T1 lazima awe mbele ya T2. T3 ameona B ya T2, kwa hiyo T2 mbele ya T3. T1 naye ameona C ya T3, kwa hiyo T3 mbele ya T1. Sasa niambieni nani anaanza? Ukimweka yeyote mbele kuna mtu amesoma kitu ambacho bado hakijaandikwa. Ndo maana hakuna foleni, sentensi hiyo ndo jibu.

Kipengele cha pili, sogeza operesheni moja. Angalia mzunguko, unatakiwa uukate sehemu moja. Mshale wa C umebebwa na migongano mitatu, kuuondoa kwa kusogeza kitu kimoja haiwezekani. Mshale wa B umebebwa na mgongano mmoja tu, `w2` na `r3`. Kwa hiyo kamata `r3(B)`, iliyokuwa ya mwisho kabisa, ivute kushoto ipite `w2(B)`. Ila angalieni, ndani ya muamala wenyewe mpangilio haubadiliki, T3 anasoma C, anaandika C, ndo anasoma B. Kwa hiyo `r3(B)` haiwezi kuipita `w3(C)`. Nafasi ipo hapo katikati:

```
S': r1(A); r3(C); w1(A); r2(A); w3(C);
    r3(B); r1(C); r2(B); w2(B); w1(C)
```

Mstari wa B sasa ni `r3 r2 w2`. Msiseme mshale umefutika, umegeuka! `r3` iko kabla ya `w2`, hiyo ndo ile ya msomaji kumtangulia mwandishi niliyowaambia inasahaulika, inatoa T3 kwenda T2. Grafu mpya ina T1 kwenda T2, T3 kwenda T1, T3 kwenda T2. Hamna mzunguko.

Foleni unaipata kwa kung'oa nodi. Tafuta isiyo na mshale unaoingia, ni T3 peke yake, iandike, ifute na mishale yake. Ikibaki T1 haina unaoingia, iandike, halafu T2. Foleni ni T3, T1, T2, na ni hiyo moja tu kwa sababu kila hatua tulikuwa na nodi moja ya kuchagua, zingekuwa mbili zisizo na mshale ungekuwa na foleni zaidi ya moja na zote sahihi. Sasa dada mmoja kipindi kilichopita aliniandikia T1, T3, T2, nikamuuliza kwa nini, akasema mwalimu si T1 ndo ameanza? Kuanza hakuna uhusiano jamani. T1 amegusa A wa kwanza kabisa, na kwenye foleni bado ni wa pili, kwa sababu C aliyoisoma ni ya T3.

Haya kipengele cha tatu, kifupi ila kina sumu.

```
r1(A); w2(A); w1(A); w3(A)
```

`r1` kabla ya `w2`, T1 kwenda T2. `w2` kabla ya `w1`, T2 kwenda T1. Mzunguko tayari, haipangiki kwa migongano, sawa. Lakini hebu fikirieni foleni ya T1, T2, T3. T1 anasoma A ya mwanzo, kama ilivyo kwenye ratiba. Anayeandika wa mwisho ni T3, kama ilivyo kwenye ratiba. Na hakuna mwingine anayesoma chochote! T2 na T3 wameandika bila kusoma, wameandika gizani, na T3 amefunika kila kitu. Kwa mtazamo wa nje matokeo ni yaleyale, na hicho ni kigezo kingine, kinaitwa kigezo cha mtazamo. Kwa hiyo mzunguko kwenye grafu hauthibitishi kwamba ratiba haina foleni yoyote inayolingana nayo, unathibitisha tu kwamba haipatikani kwa kigezo cha migongano, na kwenye pepa andika hilo neno "kwa migongano", usipoliandika hapa umekosea. Kwa nini tusipime kwa mtazamo basi? Kwa sababu Papadimitriou alionyesha mwaka 1979 kwamba kipimo hicho ni NP-kamili, wakati kutafuta mzunguko kwenye grafu kompyuta inamaliza haraka.

Swali la mwisho, yule pale dirishani. Anauliza databesi inakaa inachora grafu hii kila saa? Kwa kawaida hapana, nyingi zinazuia mzunguko usitokee, kwa kufuli. Eswaran na wenzake wa IBM, 1976, ndo walioonyesha kwamba kila muamala ukikamata kufuli zake zote kabla ya kuachia hata moja, mzunguko hautokei. Tuijaribu ratiba ya kwanza kabisa, ile mbovu, na kila mtu ashikilie kufuli mpaka amalize. T1 kafunga A. T3 kafunga C. T2 anakuja kusoma A, anaambiwa subiri, na akishasubiri hafiki hata kwenye B. T1 anataka C, na yeye anasubiri. T3 anakuja kusoma B, haina mtu, anasoma, anamaliza, anaachia C. T1 anaingia, anamaliza, anaachia A. T2 anaingia wa mwisho. Andikeni wenyewe foleni iliyotoka hapo mkailinganishe na jibu la kipengele cha pili.