Taima tatu za PLC kwenye mkanda mmoja wa mahindi

Mafundi wenzangu, karibuni. Leo nina mashine moja tu: mkanda unaopandisha mahindi kwenye kinu cha unga, na feni ya kuvuta vumbi pembeni yake. Taima zote tatu tutazikuta humo.

Tuanze na kuwasha. Mkanda ni mrefu, na anayebonyeza kitufe hamwoni mwenzake anayefagia mahindi upande wa pili. Kwa hiyo tunataka honi ilie kwanza sekunde 5, ndipo mota izunguke. Hiyo ni kazi ya taima ya kuchelewesha kuwasha, ambayo kwenye programu inaitwa TON. Ishara ikiingia kwenye IN, muda unaanza kuhesabiwa kwenye ET. ET ikifika kiwango ulichoweka kwenye PT, Q inawaka. Ishara ikikatika kabla ya hapo, ET inarudi sifuri na safari inaanza upya.

Sasa, kitufe cha kuwashia ni cha kubonyeza na kuachia. Ukikipeleka moja kwa moja kwenye IN, mtu anabonyeza nusu sekunde, honi inatoa mlio mfupi, basi. Mota haiwaki. Fundi mgeni anakimbilia kontakta na kuanza kupima koili, na koili ni nzima kabisa. Unganisha kompyuta, tazama ET: inapanda hadi milisekunde 400 au 500 hivi, halafu sifuri. Ukiiona hiyo, kontakta haina kosa lolote. Kinachokosekana ni ishara inayojishikilia:

```
Anza := (PB_Anza OR Anza) AND PB_Simama AND Kinga;
T1(IN := Anza, PT := T#5s);
Honi := Anza AND NOT T1.Q;
Mota := T1.Q;
```

Anza inajishika yenyewe mpaka kitufe cha kusimamisha kibonyezwe au rilei ya kinga ikate. Vyote viwili vimefungwa kwa mguso uliofunga wakati wa kawaida, ili waya ukikatika, mkanda usimame. Umeme ukikatika na kurudi, Anza inaanza ikiwa imezimika, almradi hukuiweka kwenye kumbukumbu ya kudumu, kwa hiyo mkanda haujiwashi wenyewe. Na kitufe cha dharura kikate umeme wa kontakta moja kwa moja. Usikiachie PLC peke yake.

Feni tunaipa taima ya kuchelewesha kuzima, TOF. Hii inawasha Q papo hapo IN inapowaka, na inahesabu pale IN inapozimika. Mpe IN ishara ya Mota, PT weka T#60s, na Q iende kwenye feni. Mkanda ukisimama, feni inaendelea dakika moja kusafisha vumbi lililobaki. Ukiwashwa tena kabla ya dakika kuisha, hesabu inafutika na feni haikatiki katikati.

Nataka tukae zaidi kwenye ya tatu, maana ndiyo inayowadanganya wengi. Beringi za mkanda zinahitaji grisi kila baada ya saa 200 za kufanya kazi. TON haifai, kwa sababu kila mkanda unaposimama inasahau. Tunahitaji taima inayotunza hesabu: kwenye Siemens S7-1200 inaitwa TONR, kwenye Allen-Bradley RTO. Asubuhi mkanda umefanya kazi kwa saa 3, mchana kwa saa 4, taima inasoma saa 7; ikifika 200, Q inawasha taa ya grisi. Haifutiki mpaka uifute mwenyewe, kwa ishara ya R kwenye TONR au agizo la RES kwenye Allen-Bradley.

Lakini kukumbuka IN inapozimika si sawa na kukumbuka umeme unapokatika. Kwenye S7-1200, data ya taima usipoiwekea alama ya Retain, hesabu inapotea PLC ikizimika. Kiwanda chenye umeme wa kukatikakatika kitapita mwezi mzima bila taa ya grisi kuwaka, na programu ukiisoma haina kasoro. Jaribio lake ni jepesi: andika thamani ya ET, zima PLC, iwashe, soma tena.

Kuna na kikomo. Muda wa aina ya TIME kwenye S7-1200 unaishia siku 24 na saa 20 na ushei. Saa 200 zinaingia bila shida. Saa 1000 haziingii. Hapo acha TONR ihesabu saa moja, ijifute, na kila ikitimiza iongeze moja kwenye kaunta, nayo kaunta pia iwe na Retain, kama taima.

Ile R ya mwisho ya kufuta saa za grisi ifungwe kwenye swichi ya ufunguo, na ufunguo akae nao fundi wa matengenezo. Ukiweka kitufe cha kawaida, opereta akichoshwa na taa ataifuta bila hata kushika bomba la grisi.