Usisome makosa ya tahajia, soma mlango uliofungwa

Mnaniletea simu zenu na swali lile lile: "Hebu angalia skrinshoti hii, ni tapeli au si tapeli?" Tuchukue ujumbe mmoja, tuuchambue taratibu. Unasema hivi: "Mama, simu yangu imeingia maji, hii ndiyo namba yangu mpya, ile ya zamani ifute. Usipige, maiki haifanyi kazi. Kuna deni lazima nilipe kabla ya saa kumi leo, nitakurudishia kesho. Tuma kwa akaunti hii, itatokea jina la ninayemdai."

Wengi wenu mmeanza kutafuta makosa ya tahajia. Acheni! Matapeli siku hizi wanaandika vizuri, na mwanao wa kweli anakosea herufi kila siku. Tazameni kila sentensi inakufungia mlango gani wa kuhakiki. "Ifute" inaiondoa namba ambayo ungeitumia kuhakiki. "Usipige" inaiondoa sauti. "Kabla ya saa kumi" inaondoa muda wa kumwuliza baba yake. Na ile ya jina inajibu mapema swali ambalo ungeliuliza ukiona pesa zinakwenda kwa mtu usiyemjua. Tena mwandishi amejichanganya: anadaiwa yeye, halafu anasema "ninayemdai". Kosa hilo ni la hadithi, nalo lina uzito kuliko herufi iliyokosewa. Lakini hata lisingekuwepo, sababu nne za kutohakiki, zote ndani ya ujumbe mmoja wa kuomba pesa, zinanitosha.

Najua mtaniambia, "Lakini simu huharibika kweli, na dharura zipo." Zipo. Ndiyo maana sisemi umkatalie, nasema upige ile namba ya zamani, hiyo hiyo uliyoambiwa uifute. Ikipokelewa na mwanao, umemaliza. Isipopokelewa, bado hujathibitisha chochote: mwulize anayeishi naye, au mwulize mwandishi jambo ambalo halipo mtandaoni. Picha yake ya wasifu msiihesabu, kila mtu anaweza kuipakua na kuiweka.

Sasa wale wanaosema, "Mimi ujumbe umetoka kwenye namba yake ile ile." Hapo skrinshoti haikusaidii hata kidogo, kwa sababu akaunti yake ya programu ya ujumbe inaweza kuwa imetekwa, mara nyingi baada ya mwenyewe kumpa mtu ule msimbo wa uthibitisho uliokuja kwa ujumbe mfupi. Ukimjibu humo humo, unamwuliza tapeli kama yeye ni tapeli. Mpigie simu ya kawaida, nje ya programu hiyo.

Skrinshoti zilizokatwa sitaki kuziona. Nipeni yenye namba, saa na mazungumzo ya juu yake.

Muda umekwisha, na sehemu ya viungo vya kubofya sijaigusa. Wewe uliyeinua mkono nyuma, kama pesa umeshatuma, usinisubiri: toka nje sasa hivi uwapigie benki au kampuni ya simu waliozisafirisha, uwaombe wazizuie kabla hazijatolewa. Na ujumbe huo usiufute.