Pindua jiwe kwanza: mhadhara juu ya ununuzi wa safaya ya buluu

Shikamooni wakubwa zangu, na ninyi wengine habari za asubuhi. Nimepewa nusu saa nizungumzie namna ya kununua safaya ya buluu, ile ambayo wazee wetu waliiita yakuti samawi. Sitaeleza safaya ni kitu gani, kwa sababu nawaona hapa watu waliokuwa Tunduru miaka ya 1990, wakati kingo za Mto Muhuwesi zilipojaa wachimbaji na wanunuzi kutoka Thailand na Sri Lanka. Hao hawahitaji kufundishwa jiwe. Nitazungumzia macho, maana makosa mengi ninayoyaona kwenye meza yangu ya kukatia yalianzia machoni siku ya kununua.

Kosa kubwa ni hili, na nimelisema mara nyingi mpaka vijana wangu karakana wananiigiza: mnunuzi hutazama jiwe kwa juu tu. Analishika kwa kibano, uso wake wa meza, ule bapa mpana wa juu, ukimtazama, chini ya taa ya muuzaji, anaona buluu, basi, anaanza kujadili bei. Hajalipindua.

Kuna dada mmoja, mfanyabiashara mzoefu wa tanzanaiti, aliniletea safaya ya Tunduru ya umbo la yai, karati 3.18. Kwa juu lilikuwa jiwe zuri kweli, buluu iliyojaa, wala si nyeusi. Shida yake ilikuwa mkato. Tumbo la jiwe lilikuwa limevimba upande mmoja, na ile ncha ya chini haikukaa katikati, imeegemea pembeni. Katikati kulikuwa na dirisha, mahali ambapo ukitazama unaona vidole vyako upande wa pili. Akaniambia, "Fundi, ninyooshee hili tumbo, nipate ncha katikati, dirisha liishe."

Kabla ya kugusa chochote nililitia kwenye glasi ya maji safi, uso wa meza ukiwa chini, glasi juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha la ukutani penye mwanga wa mchana. Nikamwita atazame. Jiwe lote lilikuwa karibu jeupe, kama maji ya kunawia. Buluu yote ilikuwa kitone kimoja kidogo kuliko punje ya mtama, kimekaa palepale kwenye ncha ile iliyopinda.

Hakuniamini. Akasema, "Lakini mimi naona buluu jiwe zima." Na ni kweli alikuwa anaiona. Mwanga unaingia kwa juu, unagonga ukuta mmoja wa tumbo, unavuka chini karibu na ncha, unagonga ukuta wa pili, unarudi juu machoni. Karibu kila mwali unapita jirani na ncha. Ukiweka rangi mahali pale tu, mwanga unaibeba na kuitandaza usoni kote. Aliyekata jiwe lile alijua kazi yake. Ile ncha iliyopinda aliiacha vile kwa makusudi, kwa kuwa ndipo rangi ilipokuwa, na angeisogeza angeipoteza. Wakataji wa Ratnapura, Sri Lanka, wamefanya hivyo kwa vizazi, na mawe yao yenye matumbo mazito ya kupinda yanachekwa na watu wasioelewa sababu.

Nikakataa kulikata. Akalipeleka kwa fundi mwingine, ambaye simlaumu, alifanya alichoagizwa. Baada ya wiki mbili dada akarudi nalo. Karati 2.41, tumbo limenyooka, ncha katikati, dirisha hakuna, na rangi hakuna. Alilinunua kwa bei ya jiwe la buluu, sasa ana jiwe la rangi ya anga la asubuhi yenye ukungu. Niliumia sana siku ile, na ndiyo maana nalisimulia kila ninapopewa nafasi ya kusimama.

Najua kuna mtu hapa anajiuliza: je, jiwe lenye rangi nchani ni jiwe bovu? Hapana! Ukilivaa kama lilivyo, litakuwa buluu kwa miaka yote. Ila lazima ujue unanunua nini. Kwanza, halikatwi upya, hata likivunjika ncha. Pili, lisilipiwe sawa na jiwe ambalo rangi yake imeenea. Muuzaji anayejua atakubali kupunguza. Asiyekubali, mrudishie jiwe lake kwa adabu.

Basi, fanyeni hivi. Glasi ya maji, karatasi nyeupe, mwanga wa mchana wa kivulini, si jua kali. Jiwe lilale kifudifudi, kisha kwa ubavu, kisha lizungushe taratibu. Maji yanapunguza mng'ao wa nyuso za mkato, ndiyo maana unaona ndani. Ukitaka kuona zaidi, tumia mafuta ya karafuu, yanapinda mwanga kuliko maji na kingo za jiwe zinafifia vizuri zaidi. Harufu itabaki mikononi, osha kwa sabuni, na jiwe lenyewe pia. Ila usitumbukize jiwe la mtu kwenye mafuta bila kumwomba.

Kanda za rangi za safaya ya asili ni mistari iliyonyooka. Inakutana kwa pembe, kama kona za nati ya bolti, kwa sababu fuwele hii hukua kwa pande sita. Ukiona mistari imepinda kama mikunjo ya sahani ya santuri, weka chini jiwe hilo, ni la kiwandani, limeyeyushwa kwa moto. Aina hiyo ipo sokoni tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mawe ya namna hiyo hurudi Afrika yakiwa yamesuguliwa yaonekane ghafi, yakichanganywa na ya mtoni. Tena, ukiona rangi imejikusanya kwenye mishono, pale nyuso za mkato zinapokutana, kana kwamba mtu amechora jiwe kwa kalamu ya wino, hiyo ni rangi iliyopenyezwa kutoka nje kwa titani na joto. Imeingia sehemu ndogo ya milimita tu. Fundi akiling'arisha tena inatoka.

Na mistari ikionekana kwa juu, ukiwa umeshika jiwe urefu wa mkono? Hapo bei ishuke. Ikionekana kwenye maji tu, ni alama ya kuzaliwa, isikusumbue.

Sasa hariri. Ninaona saa inakwenda, lakini hapa pia nitakaa kidogo.

Hariri ni sindano nyembamba mno za rutili, madini ya titani, zilizojipanga ndani ya jiwe katika mielekeo mitatu zikikatana kwa nyuzi 60. Chukua lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia, ya mara kumi, usimulike kwa nyuma, mulika kwa ubavu na tochi nyembamba, kisha tikisa jiwe pole pole. Zinawaka ghafla kama utando wa buibui wenye umande, kisha zinazimika. Zikiwa chache na laini zinatawanya mwanga na kulipa jiwe ule ulaini wa mahameli uliofanya safaya za Kashmir zitafutwe hadi leo. Zikiwa nyingi jiwe linalala, linakuwa na maziwa. Kwa hiyo anayekuambia uchafu wowote ndani ya jiwe ni hasara, hajui safaya.

Lakini faida kubwa ya hariri kwa mnunuzi ni kwamba inatunza kumbukumbu ya moto. Jiwe likichomwa kwenye nyuzijoto 1,600 au 1,700, sindano zinayeyuka. Titani yake inaingia kwenye fuwele, inaungana na chuma kilichomo, na muungano huo ndio buluu yenyewe. Ndivyo wachomaji wa Bangkok walivyogeuza mawe ya maziwa ya Sri Lanka, yale yaitwayo geuda, ambayo zamani yalikuwa hayana mnunuzi, yakawa ya buluu kuanzia miaka ya 1970. Zinazobaki baada ya moto ni sindano zilizokatikakatika, safu za nukta pale palipokuwa na uzi. Mara nyingine utaona pia chembe ndani ya jiwe imezungukwa na duara linalong'aa kama sahani ndogo. Chembe ilitanuka kwa joto ikapasua jiwe pembezoni mwake.

Kwa hiyo nyuzi nzima, ndefu, zisizokatika, ni ushahidi mzuri kwamba jiwe halijapitia moto mkali. Nimesema moto mkali. Kijana wangu mmoja aliwahi kumwambia mteja, "Hariri nzima, halijachomwa," nikamkatiza palepale. Chini ya nyuzijoto 1,200 au hivi, hariri inaweza kubaki nzima, na wapo wanaochoma kwa joto hilo dogo ili kung'arisha rangi. Vilevile jiwe safi lisilo na hariri kabisa halikuambii kitu. Lupu inafikia hapo. Baada ya hapo ni mashine za maabara.

La mwisho ni tamko la muuzaji, nalisema kwa haraka kwa kuwa mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Kuchoma kwa joto peke yake si wizi. Rangi yake haitoki, na safaya nyingi za sokoni zimechomwa. Wizi ni kuuza lililochomwa kwa bei ya lisilochomwa, maana tofauti ya bei ni kubwa, na wateja wa Ghuba na Ulaya wanaulizia hilo mwanzo kabisa. Muulize muuzaji maswali matatu, usiyachanganye: limechomwa? Limechomwa pamoja na kitu, kama titani au beriliamu? Nyufa zake zimejazwa kioo? Akijibu "limechomwa tu", lile neno "tu" liandikwe kwenye risiti, na sahihi yake chini. Anayesita kuandika amekwisha kujibu.

Na jiwe ghali linaloitwa halijachomwa lisinunuliwe bila cheti cha maabara kama GIA, SSEF au Gübelin. Soma maneno yenyewe. Watasema hawakuona dalili za joto. Na kama kuna mabaki ya moto ndani ya nyufa, watayataja. Linganisha uzito na vipimo vya kwenye cheti na jiwe lililo mkononi mwako, kwa sababu cheti halisi hutembea na jiwe jingine. Na usitegemee cheti kitakuambia rangi imekaa wapi. Yule dada wa karati 3.18 cheti alikuwa nacho, na kila kilichoandikwa kilikuwa kweli.

Nilitaka kusema juu ya taa za dukani pia, muda umeisha. Pale mezani kuna glasi sita za maji, karatasi nyeupe na lupu mbili. Aliyekuja na jiwe alitoe kwenye bahasha, tuanze na la yule mzee aliyekaa karibu na mlango.