Sweta Jekundu la Uyole

BAHATI: Kamwene, wasikilizaji. Leo tulipanga kuzungumzia bei ya viazi, lakini Sekela amekuja na barua ya mwajiri wake.

SEKELA: Ugonile, kaka. Nimepewa Jumanne jioni. Eti "umesababisha upotevu wa mbolea ghalani, fika kesho asubuhi kwenye kikao cha nidhamu." Basi. Mbolea gani, lini, kiasi gani, hakuna.

BAHATI: Ukalia?

SEKELA: Nikasaini kuwa nimeipokea, nikaandika tarehe na saa, nikabaki na nakala. Kupokea siyo kukiri. Usiku nikaandika barua yangu, maswali tu: tarehe ipi, aina ipi, mifuko mingapi, nani alihesabu, nani aliona. Nikaomba na muda, maana kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinasema muda wa kujiandaa kwa kawaida usipungue saa 48.

BAHATI: Wengine wangeanza na "mimi siyo mwizi, nina miaka mingi hapa".

SEKELA: Ukijitetea dhidi ya neno "upotevu" unapigana na moshi. Unaweza hata kutaja siku ambayo wao wenyewe hawakuitaja. Wakasogeza kikao, wakajibu: Alhamisi iliyopita, saa moja usiku, mifuko 40 ya DAP, na mlinzi alimwona mwanamke mwenye sweta jekundu.

BAHATI: Sweta jekundu! Uyole! Mwezi wa sita!

SEKELA: Nilijua utaanza.

BAHATI: Dada, nenda soko la Mwanjelwa siku ya kufungua marobota ya mitumba uniambie kama kuna sweta la rangi nyingine. Uyole nzima ni mtuhumiwa. Mama mchungaji ni mtuhumiwa.

SEKELA: Ninyi wa Iringa mnavaa nini, singlendi?

BAHATI: Sisi tunavaa koti la heshima. Baridi yenu ni ya kuigiza.

SEKELA: Ya kuigiza! Njoo Kawetere saa kumi na moja alfajiri na hilo koti lako.

BAHATI: Halafu anayejua baridi ni mtu wa Makete, wala halalamiki.

SEKELA: Hapo sibishi. Ila sweta lina maana yake. Saa moja usiku Juni ni giza. Kwenye kikao nina haki ya kumuuliza shahidi wao: taa ya ghala ilikuwa inawaka? Ulisimama umbali gani? Uliona sura au rangi?

BAHATI: Na hiyo mifuko 40, kila mmoja kilo 50...

SEKELA: Tani mbili! Hakuna anayebeba tani mbili begani. Lazima kuna gari, na gari lazima liandikwe kwenye daftari la getini: namba, dereva, saa ya kutoka. Wangeniachia neno "upotevu" nisingewaza getini kabisa.

BAHATI: Wewe ulikuwa wapi?

SEKELA: Tukuyu, kwa mama. Mwanzoni nilifurahia meseji ya kumtumia fundi hela saa moja kasoro. Baadaye nikaona haisaidii: hela unatuma ukiwa popote. Ila jioni hiyohiyo nilitoa pesa kwa wakala pale Tukuyu, na meseji ina jina la wakala na saa. Hiyo nimeitunza kwenye simu, sijaifuta. Funguo nilimkabidhi mwenzangu mchana, tukasaini wote kitabu cha makabidhiano.

BAHATI: Umepiga picha kile kitabu? Na daftari la getini?

SEKELA: Hapana. Nimeomba kwa maandishi viletwe kikaoni vyote viwili, pamoja na leja ya DAP.

BAHATI: Sekela! Watachana ukurasa leo usiku.

SEKELA: Wakichana, barua yangu iliyogongwa muhuri wa mapokezi ipo. Wataulizwa kimekwenda wapi. Nikiingia ghalani kwa siri napiga picha nyaraka za ofisi, nawapa kosa la kweli.

BAHATI: Kitabu umesaini mwenyewe! Siyo siri. Ukurasa ukipotea, barua yako inaonyesha uliomba, haionyeshi kilichoandikwa.

SEKELA: Mwenzangu aliyesaini yupo, atakuja kama shahidi.

BAHATI: Mwenzako ana bosi huyohuyo. Ana watoto.

SEKELA: Nimemwomba aseme anachokijua, sikumpangia maneno.

BAHATI: Mimi ningepiga picha. Leo.

SEKELA: Na mimi sipigi.

BAHATI: Haya. Tulikuwa na mambo mengine matatu, nani aende na wewe kikaoni na...

SEKELA: Wenye studio wanagonga mlango.

BAHATI: ...na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa haraka: ukiachishwa kazi, siku 30 tu za kupeleka mgogoro, kwa fomu namba moja. Hayo mengine...

SEKELA: Wiki ijayo. Kikao ni Jumatatu, naenda na mjumbe wa tawi la chama cha wafanyakazi.

BAHATI: Pitia getini kwanza.

SEKELA: Sipigi picha, Bahati.