Deni la pensheni linavyosuluhishwa, na faida ya kiaktuari inakotoka
Mhadhara kwa wahasibu na wadhamini wa mifuko ya pensheni, Kampala

Mabibi na mabwana, wengi wenu mnakatwa asilimia 5 ya mshahara kwenda NSSF, na mwajiri anaongeza 10. Huko mwajiri akishalipa, kazi yake imekwisha, kwa hiyo gharama yake ya mwaka ni kile alichochangia tu. Leo nazungumzia ahadi ya namna nyingine, ile ya kikokotoo. Utumishi wa umma hapa Uganda una mfano wake: mshahara wa mwaka unazidishwa kwa miezi ya utumishi, kisha unagawanywa kwa 500. Aliyetumikia miaka 30 ana miezi 360, hivyo pensheni yake ni asilimia 72 ya mshahara wake wa mwisho. Hajui wala hajali fedha hizo zitatoka wapi. Kazi ya kujua inabaki kwa mwajiri.

Baadhi ya kampuni nazo zina ahadi kama hiyo, ila zimeitengea mfuko. Chukueni kiwanda cha kubuni huko Jinja ambacho kampuni mama yake iko Marekani. Tarakimu zote ni shilingi milioni. Mwaka ulipoanza deni la mafao lilikuwa 4,000, na mali za mfuko 3,000. Upungufu ni 1,000.

Deni hilo ni thamani ya leo ya fedha zitakazolipwa miaka mingi mbele, kwa hiyo tunahitaji riba ya kulipunguzia. IAS 19 inataka riba ya hati fungani za kampuni zenye sifa ya juu, na pale soko lake lisipokuwa na kina, hati fungani za serikali. Kwa shilingi ya Uganda tunatumia za serikali. Tuseme mwaka ulipoanza ilikuwa asilimia 15.

Sasa mwaka unatembea. Wafanyakazi wametumikia miezi 12 zaidi, na haki waliyoichuma ina thamani ya 260. Hiyo ndiyo gharama ya utumishi. Halafu deni la zamani limesogea mwaka mmodi karibu na siku ya kulipwa, kwa hiyo limekua. Hiyo ni gharama ya riba, na hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo hesabu nyingi huharibika.

Mhasibu mwenye haraka atachukua asilimia 15 ya 4,000 na kuandika 600. Lakini mwaka huo wastaafu walilipwa 400, na malipo yalitawanyika mwaka mzima, sawa na kulipwa katikati ya mwaka. Deni lililokwisha kulipwa halizai riba. Nusu mwaka kwa asilimia 15 ni 7.5, na 7.5 ya 400 ni 30. Riba sahihi ni 570.

Mwisho wa mwaka aktuari anakokotoa deni upya, kwa orodha mpya ya wafanyakazi na makisio mapya, na kusema ni 4,290. Tupange:

```
Deni mwanzo wa mwaka           4,000
Gharama ya utumishi            + 260
Gharama ya riba                + 570
Mafao yaliyolipwa              - 400
Deni lililotarajiwa            4,430
Faida ya kiaktuari             - 140
Deni mwisho wa mwaka           4,290
```

Ile 140 ni tofauti kati ya deni tulilolitarajia na deni lililopatikana. Na kwa kuwa inapatikana kwa kutoa, inameza kila kosa lililo juu yake. Yule aliyeandika riba ya 600 atapata deni tarajiwa la 4,460 na faida ya kiaktuari ya 170. Safu yake itafunga kwa 4,290 vilevile, na mkaguzi anayetazama mstari wa mwisho tu hataona kitu. Kumbe gharama ya mwaka imezidishwa kwa 30, na faida ya kiaktuari imezidishwa kwa 30 hiyohiyo.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba msikubali faida ya kiaktuari iliyopatikana kwa kutoa peke yake. Mwombeni aktuari aijenge kutoka upande wake. Kwetu alisema hivi: riba ya hati fungani imepanda kutoka 15 hadi 15.5, na hilo limepunguza deni kwa 190. Mishahara nayo ilipandishwa kuliko ilivyokisiwa, ikaongeza deni kwa 50. Toa 50 kwenye 190, unapata 140, na sasa namba ina chanzo. Mhasibu mwenye 170 angebaki na 30 isiyo na maelezo, na hapo kosa lake lingeonekana. Angalieni pia kwamba ile 15.5 haikugusa gharama ya riba. Riba ya mwaka hutumia kiwango cha mwanzo wa mwaka.

Tuje kwenye mfuko. Mwajiri alichangia 400, nayo katikati ya mwaka, hivyo michango na mafao vinafutana. Mali zilizaa 410, zikafika 3,410. Upungufu mpya ni 4,290 kutoa 3,410, yaani 880.

Gharama ya pensheni je? Kwa kanuni za Marekani, ambazo kampuni mama inazifuata, tunatumia mapato yanayotarajiwa. Wasimamizi walikisia asilimia 16 ya 3,000, yaani 480. Gharama ni 260 jumlisha 570 kutoa 480, inabaki 350. Mfuko ulizaa 410 tu, na ile 70 iliyopungua inakwenda pamoja na faida na hasara za kiaktuari, ambazo haziguswi kwenye gharama mpaka jumla yake izidi asilimia 10 ya deni au ya mali, kile kilicho kikubwa.

Hesabu za hapa Uganda hufuata IAS 19, na toleo lililoanza kutumika 2013 liliondoa makisio hayo. Mali nazo zinahesabiwa kuzaa asilimia 15, kama deni. Hiyo ni 450, na gharama inakuwa 380. Mfuko umepungukiwa na 40. Faida ya 140 kutoa 40 ni 100, nayo inakwenda kwenye mapato mengineyo wala hairudi tena kwenye faida na hasara.

Mimi naunga mkono mabadiliko hayo kwa moyo wote. Wasimamizi wakipandisha makisio kutoka 16 hadi 18, gharama ya Marekani inashuka kwa 60, kutoka 350 hadi 290, na hakuna mstaafu aliyelipwa shilingi pungufu wala mfuko uliopata shilingi zaidi.

Pimeni wenyewe. Kwa IAS 19: upungufu wa 1,000, ongeza gharama 380, toa faida 100, toa mchango 400. Ni 880. Kwa Marekani: 1,000, ongeza 350, toa 70, yaani ile faida ya 140 ikishapunguzwa 70 iliyopungua kwenye mfuko, toa 400. Ni 880 tena. Kipimo hiki kinakamata mchango uliosahaulika, au mafao yaliyoandikwa kwenye deni lakini hayakutolewa kwenye mfuko. Kosa la ile riba ya 600 hakilikamati, kwa sababu gharama na faida zinapanda pamoja na kufutana. Kwa hilo dawa ni moja: mpelekeeni aktuari tarehe halisi za malipo ya mafao kutoka kwenye taarifa za benki za mfuko, kabla hajaanza kukokotoa riba.