Kwa nini ninajitungia maswali ya CDL badala ya kuwatumia majibu

Ndugu zangu wa Malaba, Busia, Tororo na Kampala, pamoja na wazee wangu mnaopandisha mizigo hadi Elegu, leo nimekaa mbele ya kamera kwa sababu ya swali moja ambalo haliniachi. Kila ninapoweka video kuhusu kazi ya malori hapa Marekani, mtu ananiuliza ni programu gani ya maswali aitumie ili apite mtihani wa maandishi wa CDL, leseni ya huku ya kuendesha magari makubwa, au ananiomba nimtumie majibu niliyonayo. Najua wapo watakaosema ninajigamba kwa kuwa mimi nimeshapita, na wapo waliosema safari iliyopita kwamba ninalalamika ilhali nalipwa kwa dola. Nawaomba mnivumilie wote wawili. Ninajibu nilichoulizwa, na ninachokisema ni njia yangu mimi. Mwingine anaweza kupita kwa njia nyingine kabisa.

Jibu langu ni kwamba sitafuti maswali ya watu. Ninachukua kitabu cha CDL cha jimbo, ambacho hutolewa bure mtandaoni, na kila sura ninaitungia maswali yangu mwenyewe.

Sikufika hapa kwa werevu bali kwa hasira. Shule moja ya udereva, ambayo sitaitaja, ilinitoza pesa ya kujiandikisha kisha ikanipa karatasi za fotokopi zenye maswali na majibu yaliyokwisha kutiwa alama. Nilipodai mafunzo, niliambiwa hayo ndiyo mafunzo, na pesa haikurudi. Wiki hiyo hiyo karani wa ofisi ya leseni alinirudisha nyumbani kwa sababu kwenye pasipoti jina la ukoo limetangulia, na kwenye cheti cha daktari limekuja mwisho. Mtu akishapoteza siku mbili za kazi zisizolipwa kwa mambo kama hayo, hataki kupoteza ya tatu kwa kushindwa mtihani.

Kwa anayetaka leseni ya kuvuta trela, mitihani ya maandishi ni mitatu: maarifa ya jumla maswali 50, breki za upepo maswali 25, na gari lenye trela maswali 20. Kila mmoja unahitaji asilimia 80. Nitazungumzia sura ya breki za upepo peke yake, ambayo ni sura ya 5 katika kitabu, kwa kuwa ndiyo inayowaangusha madereva wenye uzoefu kuliko wanagenzi. Aliyeshuka na lori lenye shehena kutoka Kabale kwenda Kisoro anaamini kwamba hakuna karatasi itakayomfundisha breki, kwa hiyo anaisoma sura hiyo kama mtu anayesoma barua aliyoiandika yeye mwenyewe.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Ninasoma kipengele kimoja tu, si sura nzima, kisha ninafunga kitabu na kuandika maswali bila kuangalia. Ninayaacha hadi kesho yake, ndipo ninayajibu kwa sauti. Kando ya kila jibu ninaandika namba ya kipengele nilikolitoa, ili nikibishana na nafsi yangu nijue pa kurudi. Jibu nililolipata kwa kubahatisha ninalitia alama sawa na lile nililolikosa, kwa sababu mtihani wenye majibu ya kuchagua humpa mtu alama za bahati, na bahati hiyo ndiyo inayoficha pengo.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Mwenzangu mmoja, dereva aliyeendesha Malaba hadi Kampala kwa miaka mingi, alianza kwa kuandika maswali ambayo karibu yote yaliuliza "ni ngapi". Kompresa huacha kusukuma upepo presha ikifika ngapi? Huanza tena ikishuka hadi ngapi? Onyo la upepo mdogo ni lazima litoe ishara kabla presha haijashuka chini ya ngapi? Alijibu yote vizuri: huacha kwenye paundi 125 hivi, huanza tena kwenye 100 hivi, na onyo ni kabla ya 55, ingawa vitabu vya zamani viliandika 60. Paundi ninazozitaja ni za inchi ya mraba, zile psi mnazozisoma kwenye geji. Kwa karatasi za ile shule angekuwa amemaliza sura.

Nikamwomba aandike swali moja tu lisilo na namba: upepo ukivuja wote ukaisha, lori litateleza bila breki au litafunga magurudumu? Alijibu haraka kwamba litateleza, kwa kuwa breki ni za upepo na upepo umekwisha. Hapo pengo likaonekana. Breki ya mguu husukumwa na upepo, lakini handibreki ya lori husukumwa na springi nzito, na kazi ya upepo huko ni kuibana springi hiyo isifunge. Upepo ukipungua, springi inajiachia yenyewe. Kwenye hosi, yaani kichwa kinachovuta trela, na kwenye lori la mwili mmoja, kitabu kinasema springi hizo hufunga kabisa presha inapofika kati ya paundi 20 na 45. Mkono wake ulikuwa umevuta handibreki hiyo maelfu ya mara, lakini hakuwahi kulazimika kueleza ni nini kinachotokea nyuma ya gurudumu.

Tazameni jinsi swali hilo moja lilivyozaa mengine, ambayo sasa aliyaandika bila kusukumwa. Ikiwa onyo hulia kwenye 55 na springi hufunga kuanzia 45 kwenda chini, dereva afanye nini katikati? Jibu la kitabu ni asimame mahali salama mara moja, wakati breki ya mguu bado inamtii, wala asingoje springi zimsimamishe, kwa sababu zikifunga zenyewe gari linaweza kumponyoka. Na kwa nini kitabu kinakataza kukanyaga breki ya mguu wakati handibreki imefungwa? Kwa sababu nguvu ya springi na nguvu ya upepo zitaungana na kuweza kuharibu breki. Mtu aliyekariri namba pekee hawezi kulijibu swali hili, kwa maana hakuna namba ndani yake. Basi mimi kipimo changu cha sura ni hiki: nikiona maswali yangu yote ni ya "ngapi", na hakuna hata moja la "kwa nini" wala la "kisha nini", najua nimepita juu juu.

Lakini msinielewe kwamba namba hazina maana. Zipo namba ambazo hufanana mno hadi humchanganya mtu, na dawa yake niliyoiona ni kujiandikia majibu ya uongo. Chukueni kipimo cha kuvuja kwa upepo. Matenki yakiwa yamejaa, unazima injini, unaachia handibreki, na unahesabu dakika moja: lori la mwili mmoja lisipoteze kufikia paundi 2, na hosi yenye trela isipoteze kufikia 3. Kisha unakanyaga breki ya mguu na kuishikilia kwa paundi 90 au zaidi. Mshale ukishatulia baada ya kushuka mara ya kwanza, unahesabu tena dakika moja, na safari hii mpaka ni 3 kwa lori la mwili mmoja na 4 kwa lenye trela. Namba 3 imetokea mara mbili, kwa magari mawili tofauti na katika hali mbili tofauti. Kwa hiyo ninaandika swali la hosi na trela, mguu ukiwa haujakanyaga, na ninaweka majibu manne: 2, 3, 4 na 5. Kisha ninajilazimisha kueleza kila jibu la uongo ni jibu la kweli la swali lipi. Ile 2 ni ya lori lisilo na trela, ile 4 ni ya trela mguu ukiwa umekanyaga, na ile 5 haina pa kukaa. Nikishindwa kulieleza jibu la uongo, hata la kweli sikulijua. Nililitambua kwa sura tu.

Aina ya mwisho ninayoipenda ni swali linalofunga sura mbili. Sura ya 2 inasema kwamba kwa mwendo wa maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi, gari kubwa huhitaji futi 419 kusimama: 142 wakati macho na akili vinatambua hatari, 61 wakati mguu unahamia kwenye breki, na 216 za breki zenyewe. Sura ya 5 inasema kwa mwendo uleule ni zaidi ya futi 450. Anayesoma kila sura kivyake hagundui chochote, au anadhani kitabu kimekosea. Ukijiuliza futi hizo za ziada zimetoka wapi, utajibu kwamba upepo unahitaji muda kusafiri kwenye mipira hadi kwenye magurudumu, na katika muda huo mfupi lori linakwenda futi 32 nyingine, karibu mita 10, kabla breki hazijashika. Jumla ni 451.

Njia hii ina mpaka wake. Mtu hawezi kujiuliza juu ya ukurasa ambao macho yake yaliuruka, kwa hiyo nikimaliza kujibu yangu ninapitia yale maswali mafupi ambayo kitabu chenyewe huweka mwishoni mwa vipengele vyake. Humo ndimo nilimokuta lile linalouliza kwa nini matenki hutolewa maji; sikuwa nimeandika lolote juu ya maji na mafuta ya kompresa yanayokusanyika chini ya tenki, ambayo wakati wa baridi kali huganda na kuzizuia breki. Kampala hakuna barafu ya kunikumbusha. Tena maswali niliyoyajibu mara nyingi huanza kujibiwa na mazoea, na hapo ninabadilisha gari: lile la lori ninalitia trela, lile la mguu kuachiwa ninalikanyagia.

Kwa wale walioomba nipige picha daftari langu niwatumie, tafadhali msinikasirikie. Vitabu hutolewa na kila jimbo na matoleo hubadilika, kama mlivyoona kwenye ile 60 iliyogeuka 55. Zaidi ya hayo, kurasa nyingi za daftari lile zinahusu trela, kwa sababu mimi nyumbani niliendesha Fuso isiyo na trela. Wewe uliyevuta kontena kutoka Mombasa huenda sura ya 6 usiipe hata nusu ukurasa, na sura ya mizigo, niliyoimaliza upesi, ikakuchukua wiki.